Ndoo nne kabla ya tangi: jinsi ya kupata dozi sahihi ya klorini

Tuseme una tangi la lita 10,000 linalojazwa kwa maji ya kisima, na mkononi una kopo la unga wa klorini. Swali la kwanza huwa ni lile lile: niweke kiasi gani? Nimeulizwa mara nyingi, na kila mara aliyeniuliza alitaka namba moja ya kushika, vijiko vingapi kwa tangi. Namba hiyo haipo, kwa sababu maji ya visima viwili vilivyochimbwa hatua mia kutoka kimoja hadi kingine yanaweza kuhitaji viwango tofauti kabisa. Lakini iko njia ya kuyauliza maji yenyewe. Inahitaji ndoo nne, bomba la sindano, kifaa cha kupimia klorini na nusu saa ya subira. Ndiyo ninayoieleza hapa, hatua kwa hatua, nikitumia tangi hilo la lita 10,000 mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kushika ndoo, tuelewane juu ya maneno matatu. Dozi ni klorini unayoweka. Mahitaji ni klorini inayoliwa na vitu vilivyomo majini: chuma, manganizi, amonia, mabaki ya majani na udongo, utelezi wa kuta za tangi, na vijidudu vyenyewe. Mabaki ni klorini inayosalia baada ya vyote hivyo kushiba. Hesabu yake ni fupi:

dozi = mahitaji + mabaki

Dozi unaijua kwa sababu umeiweka wewe. Mabaki unayapima kwa kifaa. Mahitaji huyaoni popote, unayapata kwa kutoa. Mtu anayesema "nimeweka klorini ya kutosha" bila kupima mabaki anajua upande mmoja tu wa hesabu hii, na vijidudu vinaishi upande ule asioujua.

Angalia kama maji ni meupe

Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope. Chembe za udongo huila, na mbaya zaidi, bakteria hujificha ndani ya vipande vya uchafu mahali ambapo klorini haiwafikii. Ukungu wa maji hupimwa kwa NTU. Kabla ya kutibu, maji yawe chini ya NTU 5, na yakiwa chini ya 1 ni bora zaidi. Kama una mrija wa kupimia ukungu, utumie. Kama huna, jaza ndoo nyeupe uangalie chini: ikiwa huoni sakafu yake vizuri, maji hayajawa tayari. Hata hivyo kuiona hakuthibitishi kwamba uko chini ya 5, kwa hiyo jicho ni la kukataa maji mabaya tu, lisitumike kuyapitisha maji yenye wasiwasi.

Maji yenye tope yaache yatulie, au yagandishe kwa shabu kisha uyachuje, halafu ndipo urudi kwenye klorini. Kuongeza dozi ili kuishinda tope ni jambo la dharura tu.

Tengeneza myeyusho wa asilimia 1

Unga haupimiki vizuri kwa ndoo ya lita 20, kwani kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Kwa hiyo kwanza tunatengeneza myeyusho ambao nguvu yake tunaijua, na kuanzia hapo tunapima kwa mililita.

Unga wa haipokloriti ya kalsiamu unaouzwa kwa kutibu maji huwa na klorini asilimia 65 hadi 70. Soma kwenye kopo. Pima gramu 15 za unga huo, ziweke kwenye lita moja ya maji safi ndani ya chombo cha plastiki, koroga kwa kijiti cha mbao au plastiki, kisha acha utulie. Utaona weupe kama chokaa ukishuka chini. Huo si klorini, ni kalsiamu na vitu vingine visivyoyeyuka. Tumia maji ya juu yaliyo safi na uache mashapo yabaki. Kama huna mizani, kijiko kikubwa kilichosawazishwa kwa kisu kinabeba karibu gramu 15, ingawa mizani ni bora.

Kama ulicho nacho ni dawa ya maji ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini asilimia 5, mililita 200 zake ukiongeza maji mpaka ifike lita moja zinakupa asilimia 1 ile ile. Hakikisha haina manukato wala sabuni. Dawa hii hupoteza nguvu haraka, hasa ikikaa kwenye joto, hivyo chupa ya miezi mingi iliyopita inaweza isiwe asilimia 5 tena.

Fanya kazi hii nje au penye upepo, ukiwa umevaa glavu na miwani. Mimina unga kwenye maji, usimimine maji juu ya unga. Usiuchanganye kamwe na asidi, siki au dawa nyingine ya usafi, kwa sababu gesi inayotoka inaweza kuua. Chombo cha bati au chuma hakifai, kitaliwa na klorini yako itapungua. Myeyusho uliomalizika uweke kwenye chupa yenye mfuniko, mahali pa giza na baridi, na utengeneze mwingine kila wiki.

Sasa hesabu inakuwa nyepesi. Asilimia 1 ni gramu 10 za klorini kwa lita, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Mililita moja ikiingia kwenye lita 10 za maji, dozi ni miligramu 1 kwa lita. Ishike hiyo, kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Ukiwa na wasiwasi na nguvu ya unga wako, iko njia rahisi ya kuujaribu. Chukua lita 10 za maji ambayo tayari yametibiwa na bado yana mabaki, yapime, ongeza mililita moja ya myeyusho, koroga, upime tena baada ya dakika chache. Kwa kuwa mahitaji ya maji hayo yalishashiba, usomaji unapaswa kupanda kwa karibu miligramu 1 kwa lita. Ukipanda nusu tu, unga wako umebaki na nusu ya nguvu.

Ndoo nne

Njia hii ina ukoo na kipimo cha Horrocks, daktari wa jeshi la Uingereza, kilichotumika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kutibu maji ya askari. Leo inafanywa kwa ndoo za kawaida.

Chukua ndoo nne za plastiki zisizo za chuma, zenye alama ya lita 20. Zioshe, kisha zisuuze kwa maji yale yale utakayoyapima. Maji yatoke kwenye chanzo, baada ya pampu kuvuta kwa dakika kadhaa, ili usipime maji yaliyolala kwenye bomba. Kwa bomba la sindano weka myeyusho: mililita 1 kwenye ndoo ya kwanza, 2 kwenye ya pili, 3 kwenye ya tatu, 4 kwenye ya nne. Koroga kila moja, ifunike, uandike saa. Kwa lita 20, hizo ni dozi za miligramu 0.5, 1.0, 1.5 na 2.0 kwa lita.

Ngoja dakika 30. Usipime kwa dakika 10 kwa sababu umechoka kungoja. Sehemu ya mahitaji huliwa papo hapo na sehemu nyingine huliwa polepole, hivyo usomaji wa mapema utakuonyesha klorini ambayo baada ya dakika 20 haitakuwepo.

Tuseme tangi letu limetupa majibu haya:

- Ndoo ya kwanza, dozi 0.5: mabaki 0
- Ndoo ya pili, dozi 1.0: mabaki 0.1
- Ndoo ya tatu, dozi 1.5: mabaki 0.5
- Ndoo ya nne, dozi 2.0: mabaki 1.0

Soma namba hizi kwa utulivu, kwa sababu zinasema mengi kuliko "chagua ndoo ya tatu". Ndoo ya kwanza maji yalikula kila kitu. Kwenye ya pili yalikula 0.9, kwenye ya tatu 1.0, kwenye ya nne 1.0 tena. Kutoka ya tatu kwenda ya nne tuliongeza 0.5 na mabaki yakapanda 0.5 kamili. Hapo ndipo tunajua maji yameshiba na mahitaji yake ni miligramu 1.0 kwa lita. Kama nyongeza ingerudi pungufu, tungejua bado kuna kitu kinachokula, na tungehitaji ndoo zenye dozi kubwa zaidi.

Lengo letu ni mabaki ya angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa maji yenye pH chini ya 8. Ndoo ya tatu inatimiza. Ndoo zote nne zikisoma sifuri, anza upya na dozi mara mbili au tatu. Zote zikiwa na mabaki mengi, shuka chini.

Iko hali moja inayowachanganya wengi. Unaongeza dozi, mabaki yanapanda, unaongeza tena, mabaki yanashuka. Hujakosea kupima. Maji hayo yana amonia, mara nyingi kutoka kwenye choo au samadi iliyo karibu. Klorini kwanza hujifunga na amonia na kuwa kloramini, ambazo ni dawa dhaifu, kisha ukizidi kuongeza, kloramini zenyewe huvunjwa, na baada ya hapo ndipo klorini huru, ile isiyojifunga na kitu, huanza kupanda kweli. Dozi ya kufika hapo ni kubwa, mara nane hadi kumi ya uzito wa amonia iliyomo. Ukiona mwenendo huo kwenye ndoo zako, kabla ya kuhesabu dozi nenda ukaangalie kinachoingia kisimani.

Hesabu ya tangi

Ndoo ya tatu ilipata mililita 3 kwa lita 20. Tangi la lita 10,000 ni ndoo 500. Mara mililita 3, tunapata mililita 1,500, yaani lita moja na nusu ya myeyusho. Hakiki kwa upande wa pili: lita 1.5 zina gramu 15 za klorini, sawa na miligramu 15,000, gawanya kwa lita 10,000 upate 1.5. Zimekubaliana.

Lita 10,000 ni ujazo ulioandikwa ubavuni mwa tangi. Maji yaliyomo ni jambo jingine. Bomba la kufurikia liko chini ya mdomo, na mara nyingi tangi halikuwa tupu ulipoanza kujaza. Kama nusu yake ilikuwa na maji ya jana yenye mabaki ya 0.5, yape dozi maji mapya tu, kwa kuwa ya zamani yalishashiba. Ingiza kijiti, pima kina, hesabu lita zilizoingia.

Usimwage myeyusho juu ya tangi lililojaa ukaondoka, kwani unaweza kubaki tabaka moja kwa saa nyingi. Uchanganye kwanza na ndoo ya maji, uumwage tangi likiwa limefika karibu robo, kisha endelea kujaza. Maji yanayoingia kwa nguvu ndiyo mkorogo wako.

Saa ya kugusana

Muda wa kugusana ni muda ambao maji na klorini vimekaa pamoja kabla ya mtu wa kwanza kunywa. Huhesabiwa kuanzia pale tone la mwisho la maji lilipoingia na kuchanganyika. Hauanzii pale ulipomwaga dawa. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni bomba za kuchotea kuwa wazi wakati tangi likijazwa: mtu wa kwanza kwenye foleni anapata maji yaliyogusana na klorini kwa dakika mbili. Funga, ngoja, pima, fungua.

Kinachoua ni mabaki na muda kwa pamoja, kimoja mara kingine. Miligramu 0.5 kwa dakika 30 ni 15. Ukipata 1.0 kwa dakika 15, ni 15 vile vile. Kwa bakteria na virusi wengi wa matumboni kiasi hicho kinatosha vizuri, mradi mambo mawili yamekaa sawa.

La kwanza ni pH. Klorini ikiingia majini hugawanyika mara mbili: asidi ya haipoklorasi, HOCl, ambayo huua kwa kasi, na ioni yake, ambayo huua kwa uvivu. Kwenye pH 7.5 ziko karibu nusu kwa nusu. Kwenye pH 7 karibu robo tatu ni ile kali. Kwenye pH 8 imebaki karibu robo. Kifaa chako kitasoma 0.5 pote, kwa sababu kinazihesabu zote mbili kuwa klorini huru. Ndiyo maana juu ya pH 8 nusu saa haitoshi, na unapaswa kuongeza muda, mabaki, au vyote viwili.

La pili ni baridi. Maji yakiwa chini ya nyuzi 18 za selsiasi, ngoja saa nzima.

Na kuna kiumbe ambaye hesabu hii haimfikii, kriptosporidiamu. Kwa maji ya nyuzi 25 na pH 7.5, kuua elfu moja wasalie mmoja kunahitaji takriban 15,300 mahali pale tulipotumia 15. Kwa miligramu 1 kwa lita, hizo ni siku zaidi ya kumi. Hakuna dozi ya kunywa itakayokufikisha huko. Kama chanzo chako ni mto au bwawa wanaponyweshwa mifugo, klorini peke yake haitoshi: chuja vizuri au chemsha.

Wenye tangi linaloingiza na kutoa maji kwa wakati mmoja wana hesabu nyingine. Lita 10,000 zikitoka kwa lita 2,000 kwa saa, mtu atasema maji yanakaa saa tano. Hayakai. Mengine huzunguka kona siku nzima, mengine hukimbia moja kwa moja kutoka mdomo wa kuingilia hadi wa kutokea. Kwa tangi lisilo na kuta za ndani za kuyazungusha, wahandisi hutegemea sehemu moja ya kumi tu ya muda wa kwenye karatasi. Dakika 300 zinakuwa dakika 30, na umefika ukingoni. Ukiongeza kasi ya kutoa, umeshaanguka. Ndiyo sababu kwa matangi madogo napendelea kujaza, kufunga, kungoja na kufungua.

Kupima bila kudanganywa

Kifaa cha kutegemea ni kile cha vidonge vya DPD. Namba 1 hupima klorini huru kwa kugeuza maji kuwa ya waridi. Suuza kichupa mara tatu kwa maji unayopima, jaza mpaka mstari wa mililita 10, dondosha kidonge bila kukigusa kwa vidole, kiponde, koroga, usome ndani ya dakika moja ukilinganisha rangi kwenye mwanga wa mchana, si juani moja kwa moja. Ukichelewa, rangi huendelea kukolea kwa sababu ya kloramini na utasoma klorini huru ambayo haipo. Ukitaka kuona kloramini, ongeza kidonge namba 3 kwenye kichupa hicho hicho, ngoja dakika mbili, usome tena. Tofauti ya masomo mawili ndiyo klorini iliyofungwa.

Vifaa vya matone vinavyogeuza maji kuwa ya njano, vile vya mabwawa ya kuogelea, kwa kawaida husoma zote kwa pamoja. Maji yenye amonia yataonekana salama kumbe klorini huru ni sifuri.

Lakini udanganyifu unaonitia hofu zaidi ni mwingine. Niliitwa shule moja ambako mhudumu wa tangi alikuwa amepima mara tatu akapata maji meupe, hakuna waridi hata kidogo. Kila mara aliongeza unga. Alifanya alichofundishwa: sifuri, ongeza. Nilipoweka kidonge mimi, niliona waridi ukitokea kwa kufumba na kufumbua kisha ukapotea. Nikachukua mililita 1 ya maji ya tangi, nikaijaza kwa maji yaliyokenekwa hadi 10, nikapima: 1.2. Mara kumi ni 12. Klorini ilikuwa nyingi kiasi cha kuifuta rangi yenyewe. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita. Tulifunga bomba, tukamwaga sehemu, tukajaza upya, tukapima kwa kuzimua hadi tukashuka. Yule mhudumu hakuwa mzembe, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sifuri ziko mbili. Kwa hiyo ukisoma sifuri, nusa kwanza. Ukisikia harufu kali, zimua sampuli kabla ya kugusa kopo la unga.

Kutoka tangini hadi bombani

Pima tangini baada ya dakika 30, kisha bomba la mbali kuliko yote, kisha, ukiruhusiwa, ndani ya chombo ambacho watu wamehifadhia maji nyumbani. Mahali pa kuchotea mabaki yasishuke chini ya 0.2. Kazi ya mabaki haya ni kulinda maji yasichafuliwe upya njiani na ndani ya chombo. Ulinzi huo ni mdogo, unatosha kwa mkono mchafu uliogusa kata, hautoshi kwa maji taka yanayovuja kwenye bomba lililopasuka.

Tangi likisoma pungufu ya ndoo ya majaribio, sababu mara nyingi ni moja kati ya nne: lita ulizokadiria si zile zilizomo, myeyusho umechoka, haujachanganyika, au kuta za tangi zina utelezi unaokula klorini. Hilo la mwisho utalijua kwa kupitisha kidole ndani. Tangi likisoma 0.5 na bomba la mwisho likasoma sifuri, tatizo liko kwenye mabomba: maji yamelala muda mrefu, kuna utelezi, au kuna mahali yanapovuja na kuvuta uchafu presha inaposhuka.

Andika kila usomaji, na tarehe, dozi na hali ya hewa. Chukua tangi letu. Wiki tatu dozi ya 1.5 imekuwa ikitoa 0.5. Mvua kubwa inanyesha siku mbili, na asubuhi inayofuata dozi ile ile inatoa sifuri, na haina harufu. Maji bado yanaonekana meupe. Anayeongeza lita moja na nusu nyingine ya myeyusho na kuendelea atapata mabaki yake, lakini atakuwa amepuuza habari aliyopewa: mahitaji yamepanda ghafla, kwa hiyo kitu kimeingia. Funga bomba. Rudia ndoo nne, safari hii kwa mililita 4, 6, 8 na 10, yaani dozi za 2.0 hadi 5.0. Tuseme mabaki yanasoma 0, 0.5, 1.5, 2.5. Mahitaji yametoka 1.0 hadi 2.5. Dozi ya leo ni 3.0, jumla ya lita tatu za myeyusho kwa tangi zima ukihesabu na ile moja na nusu uliyokwisha kuweka, na nusu saa nyingine ya kungoja kabla ya kufungua. Wakati saa inakwenda, tembea hadi kisimani ukiangalia saruji inayozunguka mdomo wake, mfereji wa maji yaliyomwagika, na umbali wa choo kilicho upande wa juu wa mteremko. Ufa ukiwepo, ndipo mvua ilipopitia, na ndoo nne zitarudiwa kila siku mpaka utakapozibwa na mahitaji yarudi 1.0.